Ofa ya sare ilileta wazazi dukani, wakaondoka bila kununua

*Shikamoo Mama Mshauri,*

*Nina duka la sare na vifaa vya shule karibu na soko la Mbuyuni, hapa Moshi. Januari iliyopita nilituma ujumbe kwa wazazi wengi. Namba nyingine nilipewa na mwalimu ninayefahamiana naye. Uliandikwa hivi: "OFA KABAMBE YA KUFUNGUA SHULE! Okoa hadi asilimia 50 kwenye sare na madaftari! Sare kuanzia sh 8,000. Wahi kabla ofa haijaisha!" Nikapamba na vipicha vya begi na penseli. Watu walikuja, wakauliza bei, wengi wakaondoka. Wengine walinigombeza kwamba nimewapotezea nauli. Mimi sikusema uongo: asilimia 50 ilikuwa kwenye mabegi ya mwaka juzi, na sh 8,000 ndiyo bei ya shati dogo kuliko yote. Bei zangu nimekuambatishia. Nataka kutuma tena kabla ya Krismasi. Niandikeje ili mzazi akija anunue?*

*Mama Duka, Moshi*

Marahaba mwanangu.

Nimeuza sare hapa Arusha miaka mingi, na wazazi wa Moshi hawana tofauti na wa huku. Mzazi anayesoma ujumbe wako anakuwa na hesabu moja tu kichwani: mtoto wangu, darasa lake, umbo lake, jumla ni shilingi ngapi? Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, kwa hiyo kwa familia nyingi sare na madaftari ndiyo bili kubwa ya Januari. Mama wa Uru aliposoma "kuanzia sh 8,000" alimpigia hesabu kijana wake wa darasa la sita, akapanda daladala na pesa ya kutosha kwa bei hiyo. Alipofika akatajiwa bei ya saizi ya kijana wake, karibu mara moja na nusu. Pesa haikutosha. Hapo hata kama shati lako ni zuri kuliko yote pale sokoni, ameshakuona mtu wa ujanja, na jioni atawasimulia majirani.

Hilo la "hadi asilimia 50" ni zito zaidi. Uliandika kwamba punguzo ni la sare na madaftari, kumbe lilikuwa kwenye mabegi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, na kusema kwamba begi moja kweli lilishuka nusu bei hakukutoi kwenye kosa. Hata pasipo sheria, mzazi anayeijua biashara kidogo anajua kwamba sare mpya haiwezi kushuka nusu bei mwezi wa Januari, wakati kila mtu anaitafuta. Ukimwandikia asilimia 50 anafikiria mambo mawili: ama kitambaa ni kibovu, ama bei ilipandishwa kwanza ndipo ikashushwa.

Kwa hiyo tuanze na punguzo lenyewe kabla ya maneno. Nimechukua bei zako na kupiga hesabu ya mtoto mmoja, mvulana anayeanza darasa la kwanza shule ya serikali. Mashati mawili kwa 8,000 ni 16,000. Kaptula mbili kwa 9,000 ni 18,000. Sweta 14,000. Soksi pea mbili 3,000. Hapo tuko 51,000. Daftari kumi na mbili kwa 600 ni 7,200, penseli sita 1,200, kifutio 300 na kichongeo 300, jumla 9,000. Mtoto huyu anagharimu 60,000 akinunuliwa kimoja kimoja dukani kwako, na kwa bei za jumla ulizoniandikia, wewe umetoa kama 43,000 kuvipata vitu hivyo. Faida yako ni 17,000.

Ona sasa nusu bei ingekufanya nini. Ungeuza kwa 30,000 ukapoteza 13,000 kwa kila mtoto. Asilimia ambayo huwezi kuitoa kwenye vitu vyote usiiandike kabisa.

Unachoweza kutoa ni paketi ya 52,000. Mzazi anaokoa 8,000, nawe unabaki na 9,000. Hiyo ni karibu nusu ya faida yako ya kawaida, na hapa nataka utulie uifikirie. Kama Januari ya kawaida unauza kwa familia 40 za darasa la kwanza na kila moja inanunua vyote, ukiwa na ofa unahitaji familia 76 ili upate faida ileile, na bado hujalipia gharama ya kutuma ujumbe. Ofa ya namna hii inafaa kama wateja wako wengi wananunua shati na kaptula kwako kisha wanaenda kununua sweta na madaftari kwa mwingine. Wewe ndiye unayejua. Angalia kitabu chako cha mauzo cha Januari iliyopita. Ukikuta wengi waliondoka na kitu kimoja au viwili, paketi itakuongezea. Ukikuta wengi tayari walinunua kila kitu kwako, shusha punguzo hadi 4,000 au 5,000, na nguvu yako uipeleke kwenye kitambaa na mshono, nitakavyokueleza mbele.

Hiyo 60,000 unayoilinganisha nayo iwe bei uliyouzia kweli Oktoba na Novemba. Tunza risiti za miezi hiyo. Mzazi akikuuliza "hiyo 60,000 ilikuwa ya lini?" unamwonyesha, na hata akija mtu wa serikali unamwonyesha zilezile. Usipandishe shati hadi 10,000 mwanzoni mwa Desemba ili punguzo lionekane kubwa. Mji wenu ni mdogo, na mama aliyenunulia mtoto mkubwa shati mwezi wa kumi anaikumbuka bei.

Kitu kingine kuhusu hiyo paketi: sweta. Januari Moshi mjini ni joto, baridi yenyewe inakuja Juni. Mzazi wa Pasua au Majengo anaweza kukuambia sweta la kaka mtu bado lipo, kwa nini umlazimishe? Mzazi wa Kibosho au Uru, ambako asubuhi mtoto anatoka kwenye ukungu, atalitaka tangu siku ya kwanza. Toa basi bei mbili, na sweta na bila sweta. Bila sweta vitu vyote ni 46,000 kimoja kimoja, nawe unaweza kuuza 40,000. Paketi isiyopunguzika inamfanya mzazi alipie asichokihitaji, na akishagundua hivyo ile 8,000 aliyookoa haimfurahishi tena.

Ujumbe wenyewe ningeuandika hivi:

"Darasa la 1, mvulana: shati 2, kaptula 2, sweta 1, soksi 2, daftari 12, penseli 6, kifutio, kichongeo: sh 52,000 (bila sweta 40,000). Ukinunua kimoja kimoja ni 60,000. Viatu na begi havimo. Saizi 22-26 tu. Mwisho Januari 3. Unaweza kulipa kidogo kidogo. Duka la kona, soko la Mbuyuni."

Hauna kelele hata kidogo, na mzazi anaweza kukaa na jirani yake wakahakiki kila shilingi kabla hawajatoka nyumbani. Anajua kilichomo na kisichomo. Anajua kama mtoto wake anaingia kwenye saizi hizo. Neno "viatu na begi havimo" linaweza kukuogopesha, lakini ndilo litakalokuondolea ugomvi wa mlangoni, maana kila mzazi anaposikia "sare kamili" anaviona na viatu.

Msichana mwandikie ujumbe wake, kwa sababu sketi yako ina bei tofauti na kaptula. Ukiwachanganya wote kwenye ujumbe mmoja utarudi kulekule kwenye "kuanzia".

Sasa urefu, maana kampuni za kutuma ujumbe kwa wingi zinakutoza kwa vipande. Ujumbe mmoja wa kawaida ni herufi 160 pamoja na nafasi. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 153 kila kimoja, ingawa mpokeaji anauona umeungana. Huo niliouandika una herufi kama 284, kwa hiyo ni vipande viwili. Ukiweka kipicha kimoja tu cha penseli, simu inabadilisha namna ya kuandika ujumbe mzima, na kila kipande kinabeba herufi 67 badala ya 153. Ujumbe uleule unakuwa vipande vitano. Vile vipicha vyako vya Januari iliyopita vilikula pesa ambayo ingewafikia wazazi mara mbili ya wale. Angalia pia alama ya ritifaa kama ile ya "ng'aa": ukiandikia kwenye kompyuta mara nyingi inajipinda yenyewe, na iliyojipinda inafanya kazi ileile ya kipicha. Andika kwenye simu, hesabu herufi, jitumie mwenyewe kwanza uone kampuni imekata vipande vingapi.

Nimekuahidi habari ya mshono. Punguzo la bei mzazi analisikia siku moja, lakini sare inayodumu anaiona mwaka mzima, na hapo ndipo duka dogo linaweza kushinda duka kubwa. Mtoto wa darasa la kwanza anakua haraka. Sketi yenye pindo la inchi tatu inaweza kushushwa mara mbili kabla ya kumfupia. Kaptula iliyoachwa kitambaa cha ziada kwenye mshono wa nyuma inaweza kupanuliwa kiuno. Sare nyingi za bei ya chini zimekatwa kwa kubana kitambaa: ukiigeuza ndani nje unakuta ovaloki imepita nusu inchi tu kutoka kwenye mshono, hakuna cha kufungua. Mzazi anaokoa 2,000 Januari, Agosti ananunua nyingine.

Mwambie fundi wako aache hilo pindo. Kitambaa kitaongezeka kidogo kwa kila sketi, pigia hesabu gharama hiyo kabla hujaweka bei. Kisha kwenye ujumbe wa wasichana unaweza kuandika "pindo inchi 3, tunashusha bure", maneno yanayoeleweka na mama yeyote aliyewahi kushika sindano. Na ushushe bure kweli, hata akija Julai wakati duka halina watu. Ila mweleze mapema jambo moja: kitambaa cha bluu kikishapauka kwa jua na sabuni, sehemu iliyokuwa imekunjwa inabaki na rangi nzito, na mstari unaonekana. Kwenye tetroni nzuri mstari huo ni hafifu, kwenye kitambaa chepesi unaonekana kutoka mbali. Akishusha inchi moja moja mapema, badala ya kungoja sketi ichakae ndipo ashushe zote kwa mara moja, tofauti inakuwa ndogo.

Shati nalo lipimwe kabla hujaliingiza kwenye ofa. Lichukue moja, lifue mara tatu kwa sabuni ya kawaida, lianike juani, kisha tia mkono ndani. Ukiona vidole vyako waziwazi kupitia kitambaa, shati hilo lisiingie kwenye paketi hata kama mwuzaji wa jumla amekupa kwa bei ya kutupa. Angalia na kola kama imekunjamana. Mzazi hawezi kufanya jaribio hili dukani, kwa hiyo lifanye wewe kwa niaba yake, na lile shati lililofuliwa ulitundike ukutani aliguse.

Umeona nimeweka "unaweza kulipa kidogo kidogo". Familia yenye 20,000 mkononi haiokoi chochote kwenye paketi ya 52,000, kwa sababu haiwezi kuinunua. Inanunua shati leo na kaptula wiki ijayo, na inalipa bei kamili kila mara. Hao ndio wanaohitaji punguzo kuliko wote. Fungua daftari la kudunduliza kuanzia Novemba. Mzazi anaweka 10,000 au 5,000, unaandika kwako na kwenye kadi yake, wote wawili mnatia sahihi, na risiti anaondoka nayo. Akifikisha 52,000 kabla ya Januari 3 anachukua paketi. Akishindwa kufikisha, anachukua vitu vya thamani ya alichoweka kwa bei ya kawaida, au unamrudishia pesa yake. Amua hilo mapema na uliandike kwenye kadi, kwa sababu ugomvi wote wa kudunduliza unaanzia hapo. Mtoto apimwe siku ya kuchukua, asipimwe Novemba. Na pesa hizo usizinunulie mzigo mwingine, zibaki zikingoja shati na kaptula za mwenyewe.

Kuhusu saizi, kwenye paketi kama hii za katikati ndizo zinazoelekea kwisha kwanza. Weka akiba ya kitambaa na umwandae fundi, ili ikiisha uweze kumshonea mtoto kwa bei ileile ndani ya siku chache. Kama huwezi, acha kutuma ujumbe siku ile saizi inapokwisha. Mzazi aliyepanda gari kutoka Himo akaambiwa "24 imeisha" atakugombeza kama wale wa Januari iliyopita, na atakuwa na haki.

Sasa namba za simu. Zile za mwalimu zifute, mwanangu. Wazazi walitoa namba zao shuleni ili wapigiwe mtoto akiumwa, hawakuzitoa kwa ajili ya biashara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililozifanya zichukuliwe, na inakugusa wewe pamoja na huyo mwalimu aliyezitoa. Anza na wateja wako mwenyewe. Weka daftari kaunta, kila anayenunua muulize kama anapenda kutumiwa bei za Januari, na aandike namba yake kwa mkono wake, na darasa la mtoto pembeni. Hilo darasa ni muhimu kuliko unavyodhani, maana linakuwezesha kumtumia ujumbe wa darasa lake peke yake. Atakayesema usimtumie tena mtoe siku hiyohiyo. Utakuwa na namba chache kuliko Januari iliyopita, lakini zote za watu wanaokufahamu.

Tarehe: kabla ya Krismasi ni sawa kwa shule ya msingi, lakini usingoje tarehe 23. Mwezi huo ndugu wanarudi Kilimanjaro kutoka Dar na kwingineko, na shangazi au mjomba anayetaka kumnunulia mtoto kitu atafurahi kuonyeshwa ujumbe wenye jumla kamili. Tuma wiki ya kwanza ya Desemba, pesa ikiwa haijaingia kwenye nyama na safari. Kumbusha mara moja, tarehe 27 au 28, kwa wale tu ambao hawajanunua. Shule hufunguliwa Januari, mara nyingi wiki ya pili, kwa hiyo mwisho wa Januari 3 unakupa siku za kumalizia kushona. Na tarehe hiyo ikifika, ofa iishe kweli. Ukiisogeza mara moja, mwakani hakuna atakayekuja mapema.

Kidato cha kwanza usikiguse kwenye ujumbe huu. Majina ya waliochaguliwa hutoka Desemba, na mpaka mzazi ashike fomu ya kujiunga hajui sketi ni ya kijivu, kijani au nyeusi, wala kama shule inataka kaunta buku nyembamba au nene, wala kama inadai rimu ya karatasi. Ukimuuzia mapema kwa kukisia, atarudi kubadilisha na wewe utabaki na sketi ya rangi isiyotakiwa. Majina yakishatoka, tafuta fomu za shule chache zinazochukua watoto wengi wa Moshi, andika paketi moja kwa kila shule ukifuata fomu yake mstari kwa mstari, na utume kwa wazazi walioandika "darasa la saba" kwenye daftari lako la kaunta.